Kichujio cha perpleksiti kinapokataa ujumbe halali: dalili, visababishi na tiba

Fomu yoyote ya malalamiko iliyo wazi mtandaoni hupokea vitu kama `asdfgh jkl jkl` na `xcvbnm,.` kila siku. Kuna mtu anayejaribu tu kama fomu inafanya kazi, kuna mtoto anayechezea simu ya mzazi, na kuna programu za kumwaga taka. Njia rahisi ya kuyanasa maandishi hayo ya ovyo ni kuchukua modeli ndogo ya lugha, kuipa ujumbe, na kupima imeshangazwa kiasi gani. Siku ya kwanza njia hii hupendeza. Wiki ya pili yanaanza malalamiko kwamba fomu ya malalamiko haipokei malalamiko. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wiki hiyo ya pili.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopimwa. Modeli husoma herufi moja baada ya nyingine, na kabla ya kila herufi inakuwa imeshakadiria ipi itafuata. Baada ya "nakushuku" inaingoja "r", kwa hiyo "r" ikifika haigharimu karibu chochote. Ikija "x", gharama inakuwa kubwa. Gharama hiyo tunaihesabu kwa biti. Chukua wastani wa biti kwa herufi, kisha inua 2 kwa kipeo cha wastani huo, na hiyo ndiyo perpleksiti. Perpleksiti ya 5 maana yake ni kwamba, kwa wastani, modeli ilikuwa na shaka kama ya mtu anayechagua kati ya herufi 5 zenye nafasi sawa. Herufi zilizookotwa kiholela kati ya 26 haziwezi, kwa wastani, kwenda chini ya 26 kwa modeli yoyote ile, kwa kuwa hamna cha kukisia. Kiswahili cha kawaida hukaa mbali sana chini ya hapo, na kichujio kinaishi kwa kutegemea pengo hilo tu.

Natumia KenLM, programu iliyoandikwa na Kenneth Heafield ya kujenga modeli za n-gramu, yaani zinazokisia kwa kutazama vichache vilivyotangulia tu, kwa sababu ni nyepesi na inakwenda hata kwenye seva ya bei ndogo. Naifunza kwa herufi badala ya maneno. Lugha yetu hujenga neno papo kwa papo: "tutakapowarudishia" ni neno halali ambalo huenda halimo hata mara moja katika matini uliyonayo, na modeli ya maneno italihesabu kuwa geni sawa na `asdfgh`.

```
sed 's/.*/\L&/; s/ /_/g; s/./& /g' safi.txt > herufi.txt
lmplz -o 6 --discount_fallback < herufi.txt > sw.arpa
build_binary sw.arpa sw.bin
```

Ukiondoa `--discount_fallback`, `lmplz` inaweza kugoma na kulalamikia punguzo za Kneser-Ney. Punguzo hizo hukadiriwa kwa kuhesabu vitu vilivyoonekana mara moja, mara mbili na kadhalika, na katika alfabeti ya herufi chache hakuna vya kutosha vilivyo adimu kiasi hicho. Hiyo si dalili ya faili mbovu. Na usihangaike kupandisha 6 iwe 8. KenLM ya kawaida imejengwa kwa kikomo cha 6, na ukitaka zaidi itabidi uijenge upya.

## Kabla ya tiba yoyote: chapisha gharama ya kila herufi

Kosa linalorudiwa sana ni kutazama namba moja ya mwisho na kuanza kuchezea kizingiti, yaani perpleksiti ambayo ujumbe ukiizidi unakataliwa. Namba hiyo ni wastani, na wastani hauoneshi mshangao umekaa wapi. Zitazame gharama zenyewe:

```python
import kenlm
m = kenlm.Model("sw.bin")

def gharama(s):
    h = ["_" if c == " " else c for c in s.lower()]
    f = m.full_scores(" ".join(h), bos=True, eos=False)
    return [(c, -x[0] * 3.3219) for c, x in zip(h, f)]
```

KenLM hutoa logi za msingi wa 10. Kuzidisha kwa 3.3219 kunazigeuza kuwa biti. Ukichapisha matokeo ya ujumbe kadhaa utaona maumbo matatu. Katika maandishi ya ovyo, gharama iko juu tangu mwanzo hadi mwisho. Katika ujumbe wenye jina geni au namba ya muamala, kuna mwiba mmoja mrefu na kwingine kote ni shwari. Katika ujumbe wa lugha mbili, gharama hupanda na kushuka kwa vipande. Wastani wa maumbo yote matatu unaweza kuwa sawasawa, na ndiyo maana kizingiti peke yake hakiwezi kuyatenganisha. Yanayofuata yote yanaanzia kwenye umbo uliloliona.

## Dalili: karibu kila ujumbe unapata alama mbaya

Hapa tatizo haliko kwa watumiaji. Anza na ritifaa. Katika "ng'ombe" na "ng'ambo", kibodi moja huandika alama iliyonyooka (U+0027), nyingine huweka iliyopinda (U+2019), na matini nyingine zina U+02BC. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa modeli ni herufi tatu tofauti. Ikiwa matini ya mafunzo ina iliyonyooka na simu za watumiaji zinatuma iliyopinda, kila "ng'" inaumiza mara mbili: alama yenyewe ni ngeni, na herufi zinazofuata zinakosa muktadha wao. Zigeuze zote kuwa aina moja, kwenye mafunzo na kwenye ujumbe unaoingia, kwa kutumia kazi ileile ya msimbo. Ukiandika kazi mbili, siku moja zitaachana.

Kisababishi cha pili ni matini yenyewe. Wengi huanza na Wikipedia ya Kiswahili kwa kuwa inapatikana bure na ni safi. Aliyeisoma anajua imejaa makala fupi za kata za Tanzania, zenye sentensi karibu ileile inayosema kwamba kwa mujibu wa sensa kata ilikuwa na wakazi wapatao kadhaa walioishi humo. Modeli iliyolelewa hapo haishangazwi hata kidogo na sensa, lakini hustuka kwa "mambo vipi, naomba msaada jamani". Futa sentensi zinazojirudia kabla ya kufunza, kisha ongeza ujumbe halisi wa aina utakayochuja, ukishaondoa taarifa binafsi. Hata kiasi kidogo cha ujumbe wa aina hiyo hubadilisha mambo kuliko kuongeza makala nyingine za ensaiklopidia.

## Dalili: ujumbe mfupi wenye namba ya muamala unakataliwa

Tuufanyie hesabu mmoja, kwa sababu hapa ndipo kichujio huwaudhi watu wengi zaidi.

"Nimetuma pesa QHJ7K2M9XT haijafika"

Hizo ni herufi 34 pamoja na nafasi. Kumi kati yake ni namba ya muamala. Tuseme modeli yako hutoza biti 2.2 kwa kila herufi ya Kiswahili cha kawaida. Perpleksiti yake ni kama 4.6. Umeweka kizingiti cha 8, kiwango chenye nafasi ya kutosha. Sasa herufi 24 za kawaida zinagharimu biti 52.8. Herufi kumi za muamala, kwa biti 6 kila moja, zinagharimu 60. Jumla ni 112.8, ukigawanya kwa 34 unapata 3.32, na perpleksiti inakuwa 10. Mtu aliyepoteza pesa ameambiwa anaandika upuuzi.

Chukua ujumbe wa herufi 200 wenye namba ileile. Herufi 190 za kawaida zinagharimu 418, ongeza 60, gawanya kwa 200: biti 2.39, perpleksiti kama 5.2. Unapita bila shida. Kwa hiyo ukisikia kwamba "kichujio kinawaonea wanaoandika kwa ufupi", waamini.

Tusiilaumu modeli kwa mshangao huu. Namba ya muamala imetengenezwa makusudi isikisiwe. Herufi au tarakimu moja kati ya 36 zenye nafasi sawa ina biti 5.17, na hakuna mafunzo yatakayozipunguza. Ukimlisha modeli namba elfu za miamala atajifunza tu kwamba baada ya "pesa" kitu chochote chaweza kufuata, na hapo umefungulia taka mlango. Tiba ni kuzitambua kwa muundo kabla ya kupima, kisha kuziacha nje ya wastani. Katika mfano wetu zinabaki herufi 24 na biti 2.2. Fanya vivyo hivyo kwa namba za simu, tarehe, viungo vya tovuti na anwani za barua pepe.

## Dalili: watu wa majina fulani hukataliwa kuliko wengine

Jina nalo hutoa mwiba, ila halina muundo wa kulitambulia. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, na modeli ya herufi hujifunza hilo mapema kuliko kitu kingine chochote. "Mwananyamala" linapita kirahisi hata kama halikuwemo katika mafunzo, kwa kuwa mwana na nyama vimejaa kila mahali. "Ochieng" na "Kiprop" yanaishia kwa konsonanti. "Ssemakula" linaanza kwa konsonanti iliyorudiwa, kama ilivyo desturi ya tahajia ya Kiganda. "Tshisekedi" limeandikwa kwa mkono wa Kifaransa. Kila moja linagharimu zaidi kuliko "Mwinyi" au "Bakari", na mwenye jina hana kosa lolote. Maana yake ni kwamba kichujio hiki, kikiachwa hivihivi, huwabagua watu kwa kabila na nchi bila mtu yeyote kukusudia. Hili silichukulii kuwa dosari ndogo ya kiufundi. Pima kiwango cha kukataliwa kwa orodha za majina ya maeneo mbalimbali kabla ya kukiwasha, na usikiweke kamwe kwenye kisanduku cha jina au cha anwani.

Ndani ya ujumbe, badala ya wastani wa herufi zote, tafuta wastani wa kila neno kisha uchukue wa katikati. Ukiwa na maneno yenye biti 2.1, 2.4, 6 na 2.2, ukiyapanga, cha katikati ni 2.3, mwiba umekosa nguvu. Maandishi ya ovyo hayaokolewi na hesabu hii kwa sababu kila neno lake ni ghali. Lakini ujumbe wa maneno mawili ambayo yote ni jina, "Ochieng Okoth", hauna katikati ya kukimbilia. Chini ya maneno manne hivi ni bora kichujio kinyamaze.

Kuongeza majina kwenye mafunzo kunasaidia, ila usiyaweke kama orodha, jina moja kwa mstari. Modeli itajifunza kwamba majina huanzia mwanzoni mwa mstari, na huko si mahali yanapoonekana katika ujumbe. Yaweke ndani ya sentensi, baada ya "naitwa", "mwenyekiti", "kwa niaba ya".

## Dalili: wanaobandika msimbo au ujumbe wa hitilafu wanazuiwa

Hili halihitaji maneno mengi. Mtu anaandika sentensi moja ya Kiswahili, kisha anabandika mistari kumi ya `Traceback` au kipande cha `JSON`. Mistari ni mirefu kuliko sentensi, kwa hiyo hata hesabu ya katikati haitamwokoa. Pima mstari kwa mstari. Ambao sehemu kubwa yake ni mabano, alama za usawa, mikwaju na tarakimu, uweke kando na usiupe alama yoyote. Kikibaki Kiswahili, kipime hicho. Kisipobaki kitu, usitoe uamuzi. Vishawishi vya kutafuta modeli ya msimbo vipo, lakini hata modeli iliyosoma programu nyingi itashangazwa na heshi au na maandishi ya base64, kwa sababu ileile ya namba ya muamala.

## Dalili: Kiswahili kilichochanganywa kinaonekana upuuzi

"Nime-reset password lakini account bado iko locked"

Ukichapisha gharama za ujumbe huu utaona vipande: "lakini" na "bado iko" vimetulia, "password" na "locked" viko juu. Rundo la "ssw" na mwisho wa "cked" havimo katika Kiswahili. Hesabu ya katikati inasaidia pale maneno ya kigeni yakiwa machache. Yakifika nusu, haisaidii tena.

Tiba inayofanya kazi ni modeli mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, zenye ukubwa na maandalizi sawa ya matini. Kila neno lipimwe na zote mbili, na ichukuliwe gharama iliyo ndogo, ukiongeza faini ya biti mbili tatu kila lugha inapobadilika. Faini hiyo ina kazi yake. Bila hiyo, maandishi ya ovyo nayo hupata mlango wa kuchagua, kwani kuchukua la chini kati ya mawili hushusha alama za kila mtu, wabaya wakiwemo. Kwa sababu hiyohiyo kizingiti cha zamani hakifai tena, kiweke upya. Na wakati wa kulinganisha modeli, linganisha kwa biti za herufi. Ukitumia modeli kubwa zinazokata maneno kuwa vipande viitwavyo tokeni, perpleksiti ya moja hailinganishwi na ya nyingine: GPT-2 ya mwaka 2019, iliyofunzwa hasa kwa Kiingereza, hulikata neno la Kiswahili vipande vingi, kwa hiyo wastani wake kwa tokeni hausemi kitu ukiuweka kando ya modeli yenye ukataji mwingine. Gawanya jumla ya biti kwa baiti au herufi.

Ugumu unabaki ndani ya neno. Watu hawaweki kistari. Wanaandika "nimereset", "ameniblock", "hainiconnect". Hakuna modeli kati ya mbili itakayoliona lake. Mimi hujaribu kung'oa viambishi vya mwanzo vya kawaida, "nime", "ume", "ame", "ana", "haini", na kuliacha shina lipimwe peke yake kwa Kiingereza. Ni ufundi wa kuunga kwa kamba, lakini unashika. Lubumbashi na Goma weka Kifaransa mahali pa Kiingereza, au ziwe tatu.

Sheng, kinyume na wanavyotarajia wengi, haisumbui sana. "Wasee, mbogi imejaa" lina msamiati usiomo katika kamusi, ila silabi zake ni za Kiswahili, na modeli ya herufi inaangalia silabi. Kinachoua ni ufupisho wa ujumbe wa simu: "cjui xaxa hv", "2taonana xku hyo". Humu "x" imekaa mahali pa "s", "c" mahali pa "si", irabu zimedondoshwa, na umbo la gharama ni lilelile la maandishi ya ovyo: juu tangu mwanzo hadi mwisho. Ujumbe huu hautenganishwi kwa hesabu ya katikati wala kwa modeli ya pili. Jaribu kuuandika upya kabla ya kuupima, "x" iwe "s", "c" isiyofuatwa na "h" iwe "si", "2" ya mwanzo wa neno iwe "tu", kisha upime matini yote mawili na uchukue la chini. Nyingine zitabaki, na dawa yake ni ujumbe wa aina hiyo kuwemo katika mafunzo.

## Dalili: taka inapita

Modeli ya gramu 6 inakumbuka herufi tano tu za nyuma. "hahahahahaha" baada ya silabi chache haina tena la kushangaza, na inaweza kupata alama nzuri kuliko barua ya mwalimu. Modeli kubwa za neva nazo huona marudio kuwa jambo la kutarajiwa, kwa hiyo kubadilisha modeli hakutibu. Bana ujumbe kwa `zlib`. Ukisinyaa kupita kiasi, ni marudio. Kipimo hiki hakifai kwa ujumbe mfupi, ambao `zlib` huurefusha badala ya kuufupisha.

Kuna pia "makubasi telani wapoko", silabi sahihi zisizo na maana. Ulegevu uleule unaookoa Sheng ndio unaopitisha hili. Angalia ni maneno mangapi kati ya yaliyomo yamewahi kuonekana katika matini yako, lakini utumie jibu hilo pamoja na perpleksiti, kamwe si peke yake, la sivyo Sheng na majina vitaanguka tena. Nikilazimika kuchagua, afadhali "makubasi" apite.

## Kizingiti, na la kufanya kinapovukwa

Chukua ujumbe halali tu, ugawe kwa urefu, mathalani chini ya herufi 40, 40 hadi 120, na zaidi, kisha katika kila kundi weka kizingiti pale ambapo asilimia 99 wanapita. Kundi la wafupi litapata kizingiti kilicholegea zaidi, na ndivyo inavyopaswa. Weka pembeni seti nne ndogo za majaribio: majina, msimbo, lugha mchanganyiko na ufupisho wa simu. Kila unapobadilisha chochote, tazama kila seti peke yake, kwa kuwa wastani wa jumla utaficha kwamba seti ya majina imeporomoka.

Watafiti wa Facebook waliotengeneza CCNet mwaka 2019 walitumia modeli za gramu 5 zilizofunzwa kwa Wikipedia kupima kurasa za mtandao wa lugha nyingi. Walizigawa kurasa mafungu matatu kwa perpleksiti, ila fungu la mwisho hawakulitupa, kwa kuwa waliona humo matini halali ambayo kosa lake lilikuwa kutofanana na Wikipedia, mathalani maoni yaliyoandikwa kama watu wanavyozungumza. Kwenye fomu, mfano huo unafuatwa hivi: anayevuka kizingiti haoneshwi mlango uliofungwa. Anaulizwa "Ujumbe wako ndivyo ulivyokusudia?" na akibonyeza ndiyo unapokelewa, ukiwa na alama ya kusomwa na mtu. Programu za taka nyingi huishia kwenye swali hilo. Na zile jumbe zilizothibitishwa na wenyewe ndizo za kusomwa kila wiki, umbo la gharama likiwa kando, kabla ya kugusa namba yoyote.